Maswali na majibu: Kisa kirefu ndani ya beti kumi na mbili

Nina kisa kirefu chenye watu wengi na miaka mingi. Nataka kukisimulia kwa utenzi mfupi, beti 12 hivi. Nianze na tukio gani? (Msomaji, Tanga)

Kwanza hesabu nafasi uliyonayo. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani nane, kwa hiyo beti 12 zinakupa mizani 384. Kwa maneno ya Kiswahili hiyo ni aya moja ndefu ya gazeti. Miaka mingi haiingii humo. Huingia siku moja, au usiku na asubuhi yake.

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho wengi wetu tunakijua. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikiandika kwa utenzi mwaka 1913, na alitumia beti zaidi ya 200. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo, anamfunga gerezani. Mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate, naye anakata minyororo huku watu nje wakiimba na kupiga ngoma. Baadaye mfalme anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anamuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, baba anamwambia, mwana anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kufia hapo hapo, mshale ungali kwenye uta. Watu wanakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai.

Wewe mwenye beti 12, acha gereza lote. Najua inauma, maana ule mkate wenye tupa ndio watoto huukumbuka zaidi. Lakini kutoroka gerezani ni kisa cha ujanja, na kufa kisimani ni kisa cha usaliti. Ukivitia vyote viwili, kila kimoja kitapata nusu ya nafasi kinayohitaji. Kutoroka kutungie shairi lake siku nyingine. Hapa anza pale mwana anapouliza:

*Baba, nieleze siri*
*nipate kutahadhari,*
*ni kipi chenye hatari*
*kikutie kaburini?*

Mfalme hajatajwa, wala ahadi ya harusi. Msomaji anasikia mwana akimuuliza baba kitakachomuua, na tayari ana wasiwasi. Mfalme mpe ubeti mmoja baadaye, wakati msomaji ameshaanza kujiuliza kijana huyu ametumwa na nani.

Nikiruka matukio, msomaji hatapotea? (Msomaji, Mombasa)

Atapotea ukiruka bila kumwekea alama mbili: kitu alichokwisha kukiona kabla ya mruko, na neno la wakati mara tu baada yake. Tuendelee na kisa kile kile. Baba anajibu:

*Akasema yule baba:*
*ni sindano, ni ya shaba,*
*ndogo, haina haiba,*
*nikichomwa kitovuni.*

Na ubeti unaofuata:

*Asubuhi walofika,*
*mitungi ikaanguka,*
*mshale ameushika,*
*goti chini, kisimani.*

Usiku mzima umeachwa. Mwana kunyata, sindano kuingia, baba kuamka: hakuna hata kimoja kilichosimuliwa. Lakini sindano imetajwa, na kitovu kimetajwa, kwa hiyo msomaji mwenyewe ndiye anayemchoma Liyongo akilini mwake, katika ule uwazi kati ya beti mbili. Neno "asubuhi" linamwambia muda umepita. Mitungi inamwambia yuko wapi hata kabla hajafika kwenye "kisimani".

Lililo gumu zaidi ni kutosema kwamba amekufa. Ukiandika "maiti" katika ubeti huu, umekimaliza kisa mapema. Waliokuja kuteka maji hawajui, basi na msomaji asijue. Mwache akae na hofu yao kwa beti mbili tatu. Hapo ndipo mizani ulizookoa kwa kuruka gereza zinapopata kazi.

Kujua kama mruko umefaulu, msomee mtu asiyekijua kisa, kisha mwambie akusimulie alichosikia. Akisema "yule kijana alimchoma baba yake usiku", umefaulu. Akiuliza "huyu aliyeko kisimani ni nani?", hukumwekea alama ya kutosha. Tatizo hilo huwapata sana wanaotunga visa mashuhuri, kwa sababu wanategemea kwamba kila mtu anavijua.

Vina vinanilazimisha kuongeza maneno nisiyoyahitaji. Nitumie njia gani? (Msomaji, Morogoro)

Uliambatanisha ubeti huu:

*Basi hapo akaenda,*
*safari akaipenda,*
*mahali alipokwenda*
*ni mbali sana njiani.*

Mizani zimetimia na vina vimetimia. Sasa uandike kwa nathari: "Alisafiri mbali." Mizani 32 zimebeba maneno mawili. "Akaipenda" imeletwa na kina tu, na inadhuru, kwa kuwa katika kisa chako mtu huyu anakimbia madeni. Hakuna sababu ya kuipenda safari. "Basi hapo" ni vijazio, na vijazio vya namna hii hupenda kukaa mwanzoni mwa ubeti, mahali msomaji anapotega sikio zaidi.

Safari ambayo hakuna linalotokea ndani yake haistahili ubeti. Ifanye mshororo mmoja tu, "siku tatu baharini", uufungie ubeti wa kuagana, kisha ubeti unaofuata uanze ameshafika. Kina cha bahari yako, kile kinachofunga kila ubeti, ni *-ni*, na mshororo huo unakikubali bila kulazimishwa.

Pitia kila ubeti hivyo hivyo, ukiuandika upya kwa sentensi moja ya nathari. Ikiwa sentensi haina jambo jipya, ubeti uondoke hata kama vina vyake ni vitamu. Mzani ukizidi, inkisari ipo: mimi hapo juu nimeandika "walofika" kwa "waliofika". Itumie mara chache, maana ikikithiri katika utenzi mfupi msomaji anaanza kusoma kwa kukisia.

Mazungumzo yanafaa, au nisimulie tu? (Msomaji, Zanzibar)

Yanafaa, hasa pale mtu anapodanganya au anapofanya uamuzi. "Nipate kutahadhari" ni uongo wa mwana. Ukiusimulia kwa maneno yako itabidi ueleze kwamba ni uongo, lakini akiusema mwenyewe msomaji anaunusa. Mpe kila msemaji ubeti wake mzima ili asichanganywe na mwingine. Salamu na kuitikiana kuache kabisa.

Naweza kusimulia kisa kwa tarbia yenye kibwagizo, au lazima utenzi? (Msomaji, Bukoba)

Unaweza, ila kibwagizo kinasimamisha kisa kila baada ya mishororo mitatu, kwa hiyo utasogea polepole. Faida yake hupatikana pale maneno yale yale yanapobeba maana nyingine kadiri mambo yanavyofunuka. Tuseme kibwagizo chako ni:

*Jahazi limeondoka, baba hajarudi bado.*

Katika ubeti wa kwanza mtoto anasubiri pwani na hana shaka. Katika wa tatu majirani wanaanza kunong'ona. Katika wa tano mama amekwisha kupokea habari, na bado anamjibu mtoto kwa mshororo ule ule. Habari yenyewe hukuisimulia popote. Ikiwa kisa chako hakina jambo la kugeuza maana ya kibwagizo namna hiyo, kitungie utenzi.