Yamane kwenye rigresheni: usigawe hizo dodoso

"Natafiti kwa rigresheni akiba ya kila mwezi ya wanachama wa SACCOS. Vigezo: kipato, elimu, umri, wategemezi na mafunzo ya fedha, ninachotaka hasa ni mafunzo. Wanachama ni 900, fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli kwa e = 0.1 imenipa 90. Nianze kugawa dodoso? Na nitumie SPSS au Stata?"

Usigawe hata moja. Yamane inajibu swali jingine kabisa: ni asilimia ngapi ya wanachama wana jambo fulani, kwa kosa la pointi 10 juu au chini. Humo ndani hamna idadi ya vigezo wala ukubwa wa athari unayoitafuta. Wanaouza violezo vya tasnifu wanaibandika kwenye kila sura ya tatu, na wasimamizi wanatia saini bila kuuliza. Inauma, maana anayelipia ni mwanafunzi.

Angalia kwa kazi yako. Tuseme kipato, elimu, umri na wategemezi vinaeleza asilimia 30 ya tofauti za akiba, na ukiongeza mafunzo inafika 32. Athari ya mafunzo peke yake, f², ni 0.02 ÷ (1 − 0.32), yaani 0.0294. Kwa watu 90 na alfa 0.05, nguvu ya kitakwimu, yaani uwezekano wa kuiona athari iliyopo, ni kama asilimia 36. Mafunzo yanafanya kazi kweli, lakini karibu mara mbili kati ya tatu utaandika "hayana athari". Na hata ukibahatika kupata p chini ya 0.05, umedanganywa kwa namna nyingine: t unayoitarajia ni kama 1.6, mpaka wa kuvuka ni karibu 2, kwa hiyo makadirio yoyote yanayovuka yatakuwa yamekuzwa kwa kiasi cha moja ya tano au zaidi.

SPSS au Stata si tatizo lako kwa sasa. Kwanza tafuta idadi ya watu unaowahitaji, kwenye programu ya R:

```
library(pwr)
pwr.f2.test(u = 1, f2 = 0.0294,
            sig.level = 0.05, power = 0.80)
```

u ni 1 kwa sababu unapima kigezo kimoja. Ukiweka 5 unauliza kama vyote kwa pamoja vinaeleza chochote, na hilo silo ulilouliza. v, yaani idadi ya watu ukitoa vigezo na kiwango cha mwanzo, itatoka karibu 267. Jumlisha vigezo 5 na 1 ya kiwango cha mwanzo, upate 273. Ukitegemea dodoso moja kati ya tano kutorudi, gawa 273 kwa 0.8: chukua wanachama 342.

Hiyo asilimia 2 usiitoe kwenye majaribio ya watu 20, makadirio yake yanayumba mno. Uliza ni ongezeko gani dogo kabisa la akiba ambalo lingeifanya SACCOS iendelee kugharamia mafunzo, kisha pangia hilo, kabla ya data. Ukikusanya 90 ukaona p = 0.07 halafu ukaongeza watu hadi ishuke, alfa yako si 0.05 tena.

Kama fedha inatosha watu 90 tu, badilisha swali: kadiria wastani wa akiba na mipaka yake ya uhakika, na suala la mafunzo uliondoe kwenye malengo.