Boksi la vikombe: angalia mawimbi

"Natuma vikombe 6 vya udongo Kisumu kwa basi. Mara mbili vimefika vimevunjika na boksi lilikuwa gumu tu. Nakosea wapi?"

Dada, chukua kisu ukate ukingo wa hilo boksi uone. Nadhani utakuta safu moja tu ya karatasi yenye mawimbi kati ya karatasi mbili bapa. Boksi lenye mawimbi ya aina B lina unene wa milimita 3 hivi, na la C kama 4. Kwa buti ya basi, ambako gunia la viazi linaweza kukaa juu yake, tafuta la safu mbili za mawimbi, B na C pamoja, linaloitwa BC, karibu milimita 7. Mawimbi ya B yamebanana, hayabonyei upesi. Ya C yana kimo zaidi, yanapunguza mshtuko.

Mawimbi ya kuta yasimame wima, kama nguzo. Mimi niliwahi kulaza boksi ubavu ili liingie. Likakunjika, sahani nne zikaenda.

Vigawanyo vya ndani kata kwenye katoni kuukuu iliyo kavu, wima vilevile. Iliyonyeshewa hulegea hata ikikauka, usiitumie. Acha sentimita 5 za karatasi zilizofinyangwa kila upande, kisha tikisa: ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze.