Riba Ikiruka, Usiishie Kwenye Diuresheni

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini hesabu ya hatifungani yake ilionyesha hasara kubwa kuliko ile aliyoikuta sokoni baada ya riba kupanda kwa kishindo. Alikokotoa vizuri, ila alitumia diuresheni peke yake, yaani kipimo cha jinsi bei ya hatifungani inavyosogea riba ikibadilika. Diuresheni huchukulia kwamba bei hufuata mstari ulionyooka kila riba inaposogea, na mstari wa bei ya hatifungani umepinda. Kipimo cha mpindo huo ndicho konveksiti.

Tuchukue hatifungani ya miaka 20 inayolipa kuponi ya asilimia 8 mara moja kwa mwaka. Riba ya soko nayo ni asilimia 8, kwa hiyo bei ni 100. Diuresheni yake iliyorekebishwa ni 9.82, na konveksiti ni 146.1. Kanuni ni hii, D ikiwa diuresheni, C konveksiti, na Δy badiliko la riba:

```
ΔP/P = -D × Δy + ½ × C × (Δy)²
```

Riba ikipanda kutoka asilimia 8 hadi 11, Δy ni 0.03. Diuresheni inasema bei itashuka kwa asilimia 29.45. Marekebisho ya konveksiti ni nusu ya 146.1 mara 0.0009, yaani asilimia 6.58, na yanaongezwa. Makadirio yanakuwa hasara ya asilimia 22.88 hivi. Ukiikokotoa bei upya kwa riba ya asilimia 11, malipo baada ya malipo, unapata 76.11, yaani hasara ya asilimia 23.89. Diuresheni peke yake ilikosea kwa zaidi ya pointi 5, na sasa kosa limebaki pointi 1.

Kwa badiliko dogo, usijisumbue. Riba ikipanda kwa robo pointi tu, diuresheni inatoa hasara ya asilimia 2.45 na konveksiti inarudisha 0.05. Badiliko la pointi 3 ni kubwa mara 12 kuliko la robo pointi, lakini marekebisho yake ni makubwa mara 144, kwa sababu Δy imepigwa kipeo cha pili. Kipeo hichohicho ndicho kinachofanya marekebisho yaongezwe riba ikipanda na yaongezwe vilevile riba ikishuka. Ukijikuta unayatoa kwa hatifungani ya kawaida kwa kuwa riba imepanda, simama, umekosea.

Kosa linalowaumiza wengi, hata wazoefu, liko kwenye namba ya konveksiti yenyewe. Mifumo mingine huigawa kwa 100 na kukuonyesha 1.46, na mingine huwa imeshaingiza ile nusu, ikakuonyesha 73. Ukitumia 1.46 kama ilivyo, marekebisho yanakuwa asilimia 0.07 badala ya 6.58, na utadhani konveksiti haina kazi. Kama kuponi hulipwa mara mbili kwa mwaka na namba imekokotolewa kwa vipindi vya nusu mwaka, igawe kwa 4 kuileta kwenye mwaka. Diuresheni ndiyo hugawanywa kwa 2.

Usiiamini namba usiyojua ilikotoka. Kokotoa bei kwa riba ya asilimia 7, utapata 110.59, kisha kwa asilimia 9, utapata 90.87. Zijumlishe, toa bei ya sasa mara mbili, yaani 200, inabaki 1.46. Gawa kwa bei ya sasa mara kipeo cha pili cha 0.01, yaani 100 mara 0.0001, unapata 146. Kama namba ya mfumo wako iko mbali na hapo, umeshajua tatizo liko kwenye vipimo.

Sasa rudi kwenye ile pointi 1 iliyobaki, maana haikai upande wako. Riba ilipopanda, makadirio yenye konveksiti yalisema asilimia 22.88, na hasara halisi ikawa 23.89. Diuresheni peke yake ilikuwa imeitia hasara chumvi. Konveksiti iliitoa chumvi hiyo ikapitiliza kidogo, kwa sababu mpindo wenyewe hupungua riba inavyopanda, nasi tumetumia mpindo wa pale kwenye asilimia 8. Riba ikishuka hadi asilimia 5, mambo yanageuka: makadirio ni faida ya asilimia 36.03, na faida halisi ni 37.39. Kwa hiyo anayepima hasara inayoweza kumpata riba ikiruka pointi 3 au zaidi akokotoe bei upya kabisa. Kanuni aitumie kukagua jibu, au pale ambapo hatifungani ni nyingi na anahitaji picha ya haraka.

Hatifungani ambayo mtoaji anaruhusiwa kuilipa kabla ya kuiva usiiingize kwenye hesabu hii kwa konveksiti ya malipo yaliyopangwa. Riba ikishuka, mtoaji huelekea kuilipa mapema, bei hukwama karibu na bei ya kulipia, na konveksiti inaweza kuwa hasi. Hapo rudia jaribio la bei tatu, lakini bei hizo zitoke kwenye modeli inayohesabu haki hiyo ya mtoaji.