Namba ya simu imepotea moja kwa moja: anza na kifaa ambacho akaunti bado iko wazi

Kadi ya simu ni kitu kimoja na namba ni kitu kingine. Kadi ikipotea au ikiibwa, namba bado ni yako maadamu laini imesajiliwa kwa jina lako na haijafungwa. Unakwenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako, unapewa kadi mpya yenye namba ileile, na kadi ya zamani inazimwa. Wengi matatizo yao yanaishia hapo, kwa hiyo kama bado hujakwenda, nenda kwanza kabla ya kuanza kubonyeza chochote kwenye akaunti zako.

Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye namba hairudi tena. Pengine laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, pengine ilikaa muda mrefu bila kutumika ikafungwa na namba akapewa mteja mwingine. Nimeshawasaidia ndugu na jamaa kadhaa waliofika hapo, na nitaeleza zaidi kuhusu akaunti ya Google, kwa sababu ukiwa na barua pepe yako, akaunti nyingine nyingi utazirudisha kupitia hiyo.

Mfano mzuri ni wa binamu yangu. Laini aliyoitumia ilisajiliwa kwa jina la mwajiri wake wa zamani. Simu ilipoibwa, kampuni ya simu ilimwambia kwamba mwenye usajili ndiye anayeweza kuomba kadi mpya, na yule mwajiri hakujibu barua wala simu. Akaunti yake ilikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri inataka pia msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi, na msimbo huo ulikuwa unakwenda kwenye namba ile tu. Nenosiri alilikumbuka vizuri. Kila alipojaribu kuingia kwenye simu mpya, msimbo ulitumwa kwa namba ambayo hakuwa nayo tena.

Nilimuuliza swali moja: kuna mahali pengine popote ulipowahi kufungua barua pepe yako na hukutoka? Akakumbuka kompyuta ya pale anapofanya kazi. Tulipofungua kivinjari, barua pepe ilikuwa wazi.

Ukibahatika kuwa na kifaa cha namna hiyo, kitunze kama yai. Usibonyeze `Sign out` hata kwa nia ya "kuanza upya". Usifute historia wala vidakuzi vya kivinjari, kwa maana hivyo vidakuzi ndivyo vinavyoiambia Google kwamba kifaa hiki kinajulikana. Na usikimbilie kubadili nenosiri, kwa sababu kulibadili kunaweza kuitoa akaunti kwenye vifaa vilivyokuwa wazi, ukabaki mlangoni tena. Najua simu ikiibwa jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kubadili nenosiri, lakini simu iliyoibwa unaweza kuitoa peke yake: kwenye `myaccount.google.com`, upande wa `Security`, kuna orodha ya vifaa vyote vilivyoingia, `Your devices`. Unaichagua simu ile na kuitoa, vifaa vingine vinabaki kama vilivyo. Tulianza na hilo, maana mwizi akiwa na simu ambayo akaunti iko wazi anaweza kufanya mengi, hata bila laini.

Kisha tukaingia kwenye `2-Step Verification` palepale. Mfumo uliomba nenosiri tena, na kwa kuwa kivinjari kile kilikuwa kinajulikana tangu zamani, haukuomba msimbo. Hapa mtu hukimbilia kuweka namba mpya. Mimi nashauri uanze na `Backup codes`. Hizi ni namba za akiba ambazo Google inakupa kumi kwa mara moja, kila moja ina tarakimu nane, na kila moja inatumika mara moja tu. Hazihitaji laini wala mtandao wa simu. Hata kivinjari kikijifunga dakika inayofuata au kompyuta ikizimika, ukiwa nazo utaingia. Binamu yangu aliziandika kwenye karatasi, nikamkataza kuzipiga picha kwa simu, kwa kuwa picha hiyo ingehifadhiwa kwenye akaunti ileile tunayoihangaikia. Ujue pia kwamba ukiomba seti mpya, ya zamani inakufa yote.

Baada ya hapo tukaongeza namba mpya, tukasubiri msimbo uingie na tukauthibitisha, ndipo tukaifuta ya zamani. Ukigeuza mpangilio huo, ukafuta kwanza, unaweza kujikuta kati ya hatua hizo mbili huna njia yoyote iliyobaki.

Aliona kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu Google inahifadhi namba ya simu zaidi ya mahali pamoja. Namba ya uthibitishaji wa hatua mbili ni moja. `Recovery phone`, ile inayotumika ukisahau nenosiri, ni nyingine na inabadilishwa peke yake. Na kuna iliyoandikwa kwenye taarifa zako binafsi. Tulikuta namba ya zamani bado imekaa kwenye `Recovery phone`. Hilo ni hatari zaidi kuliko linavyoonekana, maana siku namba ile ikigawiwa mtu mwingine, atakuwa ameshika njia mojawapo ya kuelekea kwenye akaunti yako. Hata baada ya kuibadilisha, kwa siku 7 Google inaweza bado kutoa nafasi ya kutuma msimbo kwenye namba ya zamani. Utaratibu huo umewekwa ili mwenye akaunti aweze kujiokoa endapo aliyebadilisha ni mwizi. Kwa hiyo usishtuke ukiiona namba ya zamani inajitokeza wiki hiyo, ila usichelewe kuianza hiyo wiki.

Mwisho tuliijaribu. Tukiwa bado tumeiacha kompyuta wazi, aliingia kwenye simu mpya kwa nenosiri na msimbo wa namba mpya. Ilipokubali, ndipo akabadilisha nenosiri.

Sasa, je, kama hakuna kifaa chochote kilichobaki wazi? Hapo unakwenda `g.co/recover`, na mambo yanakuwa ya polepole. Mfumo utaanza na njia unayoijua, msimbo kwenda namba uliyopoteza. Bonyeza `Try another way` na uendelee kuibonyeza mpaka njia zote zionekane: barua pepe ya pili, namba za akiba, swali la nenosiri la mwisho unalolikumbuka. Ukiulizwa nenosiri usiruke. Lile la zamani ulilowahi kulitumia lina thamani kuliko kuacha wazi.

Jambo ambalo watu hawalitilii maanani ni mahali unapojaribia. Upande wa pili hakuna mtu anayesoma maelezo yako na kukuonea huruma. Ni mfumo unaolinganisha: je, kifaa hiki kiliwahi kuingia kwenye akaunti hii, kivinjari ni kilekile, yuko mahali alipozoea kuwa? Google yenyewe inashauri utumie kifaa, kivinjari na mahali ulipozoea, kama nyumbani au kazini. Kompyuta ya zamani uliyoiacha kabatini, hata kama ilishatoka kwenye akaunti, ni bora kuliko simu mpya ya kuazima. Ukipata ujumbe kwamba Google haikuweza kuthibitisha kuwa akaunti ni yako, usijaribu mfululizo kwa hasira, kwa sababu majaribio mengi ya karibu karibu huishia kwa kuambiwa usubiri. Acha, tafuta kifaa kinachofahamika zaidi, rudi kesho.

Kama unalijua nenosiri na kilichokwama ni hatua ya pili peke yake, Google inasema uchunguzi wake unaweza kuchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Utaombwa barua pepe utakayoweza kuifungua ili upelekewe majibu. Hakikisha ni yako kweli na uwe unaiangalia, pamoja na folda ya taka. Kuchelewa huku kunaudhi, lakini kunampa mwenye akaunti halisi nafasi ya kuona onyo na kukataa, iwapo anayeomba ni mtu mwingine.

Katika siku hizo za kusubiri ndipo matapeli hukupata. Ukiandika mahali popote hadharani kwamba umepoteza akaunti, watakuja wa kukuambia wana mtu wao ndani. Google haina mawakala wa kuuza huduma hiyo. Anayetaka pesa, nenosiri au msimbo uliotumiwa, anataka akaunti, na akiipata utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kuna wakati inabidi ukubali pia: kama huna nenosiri, huna barua pepe ya pili, huna kifaa kinachojulikana wala namba, uwezekano mkubwa akaunti hairudi, na hakuna ofisi ya kukata rufaa.

WhatsApp ina kanuni yake, kwa sababu hapo namba ndiyo akaunti. Lakini kuna mwanya ambao wengi hawaujui. Kama laini imekufa ila simu unayo mkononi na programu bado inafunguka, itaendelea kufanya kazi kwa intaneti yoyote. Usiifute wala usiisajili upya. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uchague `Change number`, uandike namba ya zamani na mpya. Msimbo unatumwa kwenye namba mpya tu, ya zamani haiulizwi kitu. Mazungumzo yanabaki kwenye simu, na makundi yako yanahamia namba mpya. Fanya hivyo mapema, kabla mtu mwingine hajapewa namba ile, kwa maana akishajisajili nayo wewe utatolewa.

Simu na namba vikiwa vimepotea pamoja, njia hiyo haipo. Kinachobaki ni kuandika barua pepe kwenda `support@whatsapp.com` ukiweka maneno haya pamoja na namba yako, ukianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi:

```
Lost/Stolen: Please deactivate my account
```

Akaunti inazimwa, na isipofunguliwa tena ndani ya siku 30 inafutwa kabisa. Watu wataendelea kukuandikia katika kipindi hicho, hivyo waarifu wale wa karibu kwa njia nyingine kwamba yeyote atakayewajibu kutoka namba ile si wewe.