Karibu kila tovuti inakataa kufunguka, kumbe mkaguzi ni antivirusi

"Jamani, tangu jana kompyuta yangu inaniandikia 'Your connection is not private' karibu kila tovuti. Saa na tarehe ziko sawa, na simu kwenye waifai hiyohiyo inafungua vizuri. Tatizo ni nini?"

Ndugu, mimi lilinikuta dukani kwangu hapa Arua, mteja akiwa amekaa ananisubiri nimsajilie TIN ya URA. Kompyuta moja kati ya tatu ilikataa tovuti ya URA, ya benki, hata Google. Zile mbili zilikuwa shwari kwenye mtandao uleule, kwa hiyo niliacha kuulaumu mtandao.

Chini ya onyo palikuwa na maneno `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID`, yaani brauza haimtambui aliyetoa cheti cha tovuti. Basi uliza: nani amekitoa? Fungua google.com, bonyeza `Not secure` kando ya anwani, kisha `Certificate is not valid`, usome sehemu ya `Issued By`. Kwa Google panatakiwa paandikwe `Google Trust Services`. Kwangu palikuwa na jina la antivirusi yangu, na tovuti ya benki nayo ikaonyesha jina lilelile. Google na benki hazichukui vyeti kwa kampuni ya antivirusi.

Hutokea hivi: mawasiliano ya HTTPS yamefungwa, kwa hiyo antivirusi ikitaka kuyakagua hukaa katikati, huyafungua, kisha huyafunga upya kwa cheti chake. Siku inapowekwa huingiza cheti chake kikuu ndani ya Windows ili brauza ikiamini. Kwangu, programu ya kusafisha kompyuta ilikuwa imekifuta cheti hicho. Ukaguzi ukaendelea, lakini kila cheti kikawa cha mgeni. Ukitumia Firefox, onyo mara nyingi ni `SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER` au `MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED`.

Kuthibitisha, usiiondoe antivirusi yote. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta ukaguzi wa HTTPS (wengine huuita SSL), uzime huo tu, kisha funga brauza kabisa na uifungue tena. Kwangu maonyo yaliisha na `Issued By` ikarudi kuwa Google. Nikauwasha, maonyo yakarudi. Hapo sikuwa na shaka tena. Niliiondoa antivirusi na kuiweka upya, ikatengeneza cheti kipya, na tangu siku hiyo hali ni nzuri. Ukaguzi huo ukibaki umezimwa, mafaili unayopakua bado yanakaguliwa yakifika kwenye diski.

Angalia tovuti kadhaa, maana baadhi ya antivirusi huziruka za benki. Na kama baada ya kuzima onyo bado lipo na unaona jina usilolijua, huenda mtu au programu nyingine imekaa katikati. Usibonyeze `Proceed`, wala usiandike nywila yoyote kwenye kompyuta hiyo. Tuandikie hapa jina uliloliona kwenye `Issued By`.