Kijana akisema "siamini tena": maswali ya walimu na wazazi wa Goma

*Mama Mwalimu, nikiwauliza vijana kama wana shaka, wote wananyamaza. Wakitoka nje nawasikia wanabishana. Nakosea wapi?* (Mwalimu wa vijana, Katoyi)

Swali lenyewe ndilo linalowafunga midomo. Kijana wa miaka 15 unamtaka akiri mbele ya wenzake jambo ambalo likifika nyumbani jioni ile litamletea kesi. Anza na karatasi. Mimi nakata kurasa za daftari kwa kipimo kimoja, nagawa biki za rangi moja, na kila mtu anaandika, hata asiye na swali: huyo anaandika alichokula asubuhi. Mikono yote ikiwa inatembea, hakuna anayejulikana kuwa ndiye mwenye shaka. Nakusanya kwenye kikapu na kusoma mwenyewe kwa sauti, maana wakisomeana watatambuana kwa mwandiko. Na wewe pia utautambua mwandiko wa fulani. Usimtazame. Somo likiisha, karatasi zichanwe mbele ya macho yao.

Kisha badilisha namna ya kuuliza. "Je, Mungu hujibu maombi?" lina jibu moja linalokubalika, na wote wanalijua tangu shule ya Jumapili. Jaribu hili: "Ni ombi gani uliloomba kwa muda mrefu, halafu ukaacha?" Hilo halina jibu la kukariri. Ukishauliza, nyamaza, uhesabu moyoni hadi ishirini. Walimu wengi tunajibu swali letu wenyewe kabla ya kufika tano, na vijana wanajifunza kwamba wakivumilia kidogo tutasema kwa niaba yao.

Mara ya kwanza utapata karatasi za kama kusuka nywele ni dhambi. Usikate tamaa wala usiwacheke. Wanakupima, wanataka kuona uso wako utakavyokuwa. Zijibu kwa heshima, na mara ya tatu au ya nne utaanza kupata zile nzito.

*Kijana mmoja aliniuliza: "Volkano ya 2002 ilichoma nyumba ya nyanya yangu aliyekuwa anaomba kila alfajiri, na ya jirani mlevi ikabaki. Mungu alikuwa wapi?" Nikamwambia njia za Mungu hazichunguziki. Hajarudi tena.* (Mama wa vijana, Majengo)

Ulichomwambia kimeandikwa, lakini kwake kilifika kama mlango unaofungwa. Nikueleze tulivyolichukua swali la namna hiyo siku moja Ndosho, tukiwa na vijana kumi na wanne, kwa muda wa saa moja na robo.

Kwanza nilikaa nao kwenye swali bila kulijibu. Niliwauliza: "Nyumbani kwenu walisemaje kuhusu waliopoteza nyumba?" Hawa hawakuwa wamezaliwa tarehe 17 Januari 2002, lakini wanaikumbuka ile ya 22 Mei 2021, lava ilipofika Buhene usiku na watu wakakimbia na magodoro kichwani. Mmoja akasema babu yake alifundisha kwamba mji ulikuwa umezidi uzinzi. Mwingine akauliza, sauti ikipanda, mbona basi mwaka 2002 lava ilipita hata juu ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Niliacha maneno hayo mawili yakae pamoja mezani.

Kisha tukasoma Luka 13, mistari mitano ya mwanzo. Mnara wa Siloamu umeanguka na kuua watu kumi na wanane. Yesu anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Niliuliza: "Hapa Yesu amekataa jibu gani? Na ni jibu gani ambalo hakulitoa?" La kwanza waliliona mara moja: amekataa kumhesabia marehemu dhambi. La pili liliwachukua muda, hadi binti mmoja akasema, "Hakueleza kwa nini mnara ulianguka." Ni kweli, hakueleza. Nami sikujaza pengo hilo.

Usiruke mstari wa 5, ule wa "msipotubu". Wataufikia wenyewe, na ukiuficha watajua. Kijana mmoja aliniambia kuwa mstari huo unamtisha na unamharibia yote aliyoyasikia katika mistari iliyotangulia. Nilimwambia mimi nausoma kama onyo kwa waliokuja kuhukumu wafu, kwamba wajiangalie wenyewe, lakini wapo wanaousoma kwa ukali zaidi. Akasema bado haumpendezi. Tukaendelea.

Kuhusu mlima wenyewe, sema wazi kile kinachojulikana. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini wa Nyiragongo, na lava yake ni nyepesi, hukimbia na kufuata mteremko. Nyumba ya nyanya ilikuwa kwenye mteremko huo. Hilo linaeleza njia ya moto, na linamwondolea nyanya shutuma. Swali la Mungu alikuwa wapi linabaki, na kijana ana haki ya kwenda nalo nyumbani. Mtafute huyo wako, umwambie ulimjibu haraka mno.

*Mwisho wa somo, niwaite mbele wenye shaka tuwaombee?* (Shemasi, Himbi)

Hapana, Papa. Ukifanya hivyo mara moja tu, karatasi za wiki ijayo zitakuwa tupu. Nimeshuhudia kiongozi mmoja akiingia dakika za mwisho na kukemea pepo wa shaka. Tulikuwa kumi na wawili, Jumamosi iliyofuata wakaja watatu. Mimi namaliza kwa Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila neno la shukrani, na anayetaka kuomba anabaki, asiyetaka anatoka mapema. Mlango nauacha wazi toka mwanzo.

*Mwanangu wa miaka 16 amesema haamini tena. Si ninyi mnaomfundisha kuasi? Na nataka kujua anaandika nini huko.* (Mzazi, Keshero)

Nasikia uchungu wako, Mama, lakini alichoandika sitakuambia. Siri hiyo ina mpaka mmoja, na vijana nawaeleza kabla ya kugawa biki: mtu akiandika kwamba anataka kujiua, au kwamba kuna anayemwumiza, nitamtafuta peke yake na kutafuta msaada siku hiyo hiyo, hata kama mwumizaji ni mtu wa kanisa. Wakati mwingine "siamini" ni kilio cha msiba au cha kuumizwa, na hapo mjadala wa Biblia hautoshi.

Ukirudi nyumbani, usimwulize kwa nini ameacha kuamini. Muulize ni lini neno lile lilianza kumsumbua. La kwanza linamfanya ajitetee. La pili anaweza kulijibu kwa kusimulia. Sikiliza hadi mwisho, usimlete mchungaji wiki hiyo.

*Nimebakiza mwezi mmoja nibatizwe na sina uhakika. Nikisema nitaaibisha familia. Nifanyeje?* (Kijana, 17, Birere)

Omba kuahirisha, usiseme umekataa. Mwambie mwalimu wako: "Nahitaji muda zaidi, nataka nikisema ndiyo iwe yangu." Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza. Soma Mathayo 28:17: wanafunzi wako mlimani, wamemwona Yesu mfufuka, wanamsujudia, na baadhi yao wanaona shaka. Hakuna aliyeambiwa ashuke. Na ukifika mwakani bado hujui, njoo Jumamosi vilevile, biki yako ipo.