Mapokezi: ujumbe wa simu unaharibikia wapi?

Swali: Shikamoo. Nasoma diploma ya uhazili na niko mafunzo kwa vitendo, nimewekwa mapokezi kwenye ofisi moja ya umma. Bosi analalamika kwamba ujumbe ninaomwandikia una makosa. Kuna namba aliipiga haikupatikana, na kuna kikao alikifuata akakuta watu wameshatawanyika. Na mimi nilisikiliza vizuri kabisa! Halafu simu ikiita wakati mgeni yuko mbele yangu, nianze na nani?

Jibu: Marahaba. Inawezekana kabisa ulisikiliza vizuri. Ujumbe wa simu huharibika zaidi kwenye maneno mepesi, yale ambayo mpigaji na mpokeaji wote wanadhani wameelewana.

Tuanze na namba. Simuni "nne" na "nane" hukaribiana mno, hasa mpigaji akiwa kituo cha basi au ndani ya gari. Kibaya zaidi ni ile mifupisho yetu. Mtu akisema "sifuri tatu", huenda ana maana ya 03 na huenda ni 000. "Sita mbili" inaweza kuwa 62 au 66. Usikisie. Mrudishie tarakimu mojamoja, polepole, naye akuitikie. Kisha hesabu ulichoandika: namba ya Tanzania, iwe ya mkononi inayoanza na 06 au 07, iwe ya mezani ya Dar es Salaam inayoanza na 022, ina tarakimu 10. Ikiandikwa kwa +255, sifuri ya mwanzo huondoka, zikabaki 9 baada ya hiyo 255. Ukipata 9 ambapo ulitegemea 10, mpigaji bado yuko hewani, kwa hiyo muulize hapo hapo. Na akikwambia "namba yangu anayo", iombe hata hivyo. Bosi anaweza kuwa amebadili simu, au ujumbe ukafanyiwa kazi na msaidizi wake.

Habari ya kikao inanuka saa. Ukiandika "10:00" peke yake, mmoja ataisoma saa kumi jioni, na mwingine, aliyezoea kalenda ya kompyuta, ataisoma saa nne asubuhi. Hapo wamepishana saa 6 nzima. Mpigaji anayechanganya lugha akikwambia "ten", ana maana ya saa nne. Andika muda kwa maneno, taja kipindi cha siku, kisha weka saa ya kompyuta kwenye mabano: saa nne asubuhi (10:00). Siku nayo iandikie tarehe, kwa sababu Jumatatu na Jumatano hutofautiana silabi moja tu ya mwisho, na hiyo ndiyo inayomezwa mtandao ukiwa mbaya.

Chukua mfano huu. Ni Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mhandisi wa kampuni ya ujenzi anapiga simu akimtaka Afisa Ununuzi, ambaye hayupo mezani. Anasema: "Mwambie kile kikao cha Alhamisi kimesogezwa, sasa ni saa nane, aje na ile mikataba. Na anipigie kabla sijaingia kikaoni saa sita." Wengi huandika: "Mhandisi amepiga, kikao saa nane, umpigie." Mwenye kuusoma hawezi kufanya lolote nao.

Kabla hujamwachia mpigaji aende, muulize mambo manne. Alhamisi ya kesho au ya wiki ijayo? Saa nane mchana, na awali ilikuwa saa ngapi? (Neno "kusogezwa" halisemi kama kikao kimewahishwa au kimecheleweshwa. Saa ya awali ndiyo inayosema.) Mikataba ipi, na nakala ngapi? Hiyo saa sita ni ya leo? Jina lake pia mwombe akutajie herufi: Massawe na Masawe husikika sawa, na herufi kama M na N hupotea simuni mpaka useme "M ya Mwanza, N ya Njombe". Kisha msomee yote. Ujumbe unatoka hivi:

Kwa: Afisa Ununuzi. Kutoka kwa: (jina, cheo, kampuni, namba). Umepokelewa: Jumatano, tarehe, saa nne na dakika 20 asubuhi (10:20). Kikao cha kesho Alhamisi kimetolewa saa tatu asubuhi (9:00) kikapelekwa saa nane mchana (14:00), ukumbi ule ule. Aje na mikataba miwili ya saruji, nakala halisi. HARAKA: ampigie Mhandisi leo kabla ya saa sita mchana (12:00). Aliyepokea: (jina lako).

Hiyo "haraka" mpigaji hakuitamka. Umeitoa kwenye saa sita yake. Sasa ni saa nne na nusu, hivyo karatasi ya kuweka mezani haitoshi: mpigie Afisa simu ya mkononi au mtumie ujumbe mfupi, kisha andika kwenye daftari la simu kwamba umemfikishia, na saa ngapi. Daftari la nakala mbili lenye karatasi ya kaboni ni zuri kuliko vikaratasi vya kubandika, maana nakala inabaki kwako siku ukiambiwa "sikupewa ujumbe".

Upokeaji wenyewe ni mfupi. Inua mkonga kabla ya mlio wa nne, kalamu ikiwa tayari mkononi, utaje ofisi, jina lako na salamu: "Habari za asubuhi, hapa ni ofisi ya…, naitwa…, nikusaidie nini?" Shikamoo ya simuni isubiri mpaka ujue unaongea na nani. Ukihamisha simu, zungumza kwanza na mwenye namba ya ndani, umwambie nani anamtaka, ndipo uachie. Kwenye simu zisizo na kitufe cha kuhamishia, watu hugusa kile kibonyezo ambacho mkonga hulalia. Mguso uwe wa haraka, ukikikandamiza muda mrefu simu inakatika.

Sasa mgeni na simu. Aliye mbele yako ana haki ya kwanza, lakini simu haiachwi iite. Mwangalie mgeni, mwambie "Karibu, nipe dakika moja," pokea, na mwombe mpigaji asubiri au umpigie baadaye. Umeshaahidi kumpigia? Iandike mara moja. Kama mgeni ni mtu mzima, shikamoo itangulie hata ukiwa umeshika mkonga. Asiyeamkiwa atakaa pale amekununia, na hata kitabu cha wageni atakijaza nusunusu.

Jambo la mwisho linawaponza wanafunzi wengi. Usimwambie mgeni au mpigaji "yupo" kabla hujajua ni nani na anataka nini. Bosi akikataa kumwona, tayari umeshamfanya aonekane anajificha. Sema: "Ngoja nikuangalizie kama anapatikana. Nimwambie ni nani?" Na asipokuwepo, sema "hayupo ofisini kwa sasa", ukomee hapo. Kwamba yuko hospitali, msibani au kwa mkuu wa wilaya si habari ya mapokezi. Daftari la ujumbe nalo liwe limefunikwa, kwa sababu mgeni anayesubiri akiegemea kaunta husoma kila kilicho wazi, hata kikiwa kimegeukia upande wako.